Tangazo lipi lilimleta aliyelipa? Kupima kwa neno la kuponi na maswali mawili

Kuanzia mwisho wa Julai atelie za kushona za Lubumbashi hujaa: mashati meupe, sketi na suruali za bluu, na wazazi wanaotaka kila kitu kiwe tayari kabla shule hazijafunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Ndicho kipindi ambacho mwenye atelie hutoa pesa nyingi za matangazo. Analipa redio, anachapisha karatasi, anaweka picha WhatsApp, anasukuma tangazo Facebook. Ukimuuliza Oktoba ni lipi lililomrudishia pesa yake, mara nyingi atakutajia lile lililoleta simu nyingi za kuuliza bei. Lakini anayeuliza bei bado hajalipa kitu, na baadhi ya matangazo ni mazuri sana kwa kuleta wauliza bei tu.

Kupima kunahitaji daftari moja, maneno machache ya kuponi, yaani maneno ambayo mteja akiyataja anapata zawadi ndogo, na maswali mawili. Nitaeleza kwa mfano wa atelie ndogo katika komini ya Kenya, humuhumu Lubumbashi, ya mama mmoja na mafundi wawili. Namba zote ni za mfano, nimezipanga ili hesabu ionekane vizuri. Seti moja ya sare anaiuza dola 15. Akitoa kitambaa, uzi, vifungo na malipo ya fundi, zinabaki dola 6. Hiyo 6 ishike, kwa sababu maamuzi yote ya huko mbele yanaiegemea.

Hatua ya 1: Amua nani anahesabiwa

Hesabu mtu aliyemaliza deni na kuchukua nguo yake. Aliyeacha avansi mwandike siku ileile, ila nafasi ya "amemaliza" ibaki tupu mpaka amalize. Kazi ya kushona ina watu wanaoacha avansi ya dola 3 na kupotea, na hawapotei kwa kiasi sawa kutoka kila tangazo. Mtu aliyevutwa na picha kwenye simu huenda ameacha avansi kwenye atelie mbili ili aone nani atawahi. Ukihesabu avansi, utalisifu tangazo ambalo limekuachia nguo zilizoshonwa zisizo na mwenyewe.

Kisha tenganisha mgeni na mwenyeji. Mama aliyeshonesha kwako mwaka jana akija na karatasi yako mkononi, karatasi haikumleta. Angekuja tu. Mpe zawadi yake kwa moyo mweupe, ila kwenye daftari andika "mwenyeji" na usimtie kwenye hesabu ya matangazo. Wengi hawafanyi hivi, na ndiyo sababu karatasi na WhatsApp huonekana zina nguvu kuliko zilivyo, maana wanaoziona kwanza ni watu wanaokujua tayari.

Hatua ya 2: Kila njia na neno lake

Neno la kuponi liwe neno la kawaida ambalo mtu anaweza kulisema kwa mdomo bila kuona haya. Achana na mchanganyiko wa herufi na tarakimu kama wanaotumia maduka ya mtandaoni. Huko mteja ananakili kwenye skrini, huku anakumbuka alichosikia redioni akiwa anapika. Herufi O na sifuri, I na moja, humchanganya hata anayesoma, sembuse anayesikiliza. Mama wa mfano wetu alichagua vitu vya shule: KENGELE kwa redio, KALAMU kwa WhatsApp, MEZA kwa Facebook. Karatasi haikuhitaji neno. Aliikata pembe, na anayetaka zawadi anakuja nayo, inabaki dukani kwenye bahasha.

Maneno yasifanane kwa sauti. KALAMU na KARAMU yangemletea balaa. Na neno lisiandikwe ukutani wala kutajwa kwa sauti mbele ya foleni, kwa sababu anayesubiri nyuma atalisikia na kulitumia, nawe utaandika redio imemleta mtu ambaye hana hata redio.

Jambo la kushika zaidi hapa ni kwamba zawadi iwe ileile kwa kila neno, na tarehe za kuanza na kuisha ziwe zilezile. Ukitoa dola 2 kwa redio na dola 1 kwa Facebook, mwisho wa mwezi hutajua kama watu walipenda redio au walipenda dola 2.

Kuhusu zawadi yenyewe, sipendekezi kupunguza bei. Bei zetu zinajadiliwa. Mteja atabishana mpaka ashuke kutoka 15 hadi 14, halafu ndipo atoe neno lake na kudai ashushiwe tena. Toa kitu kilicho nje ya mabishano ya bei. Mama huyu alitoa kushonewa jina la mtoto ndani ya kola, kazi inayomgharimu kama nusu dola. Mzazi anaipenda, kwa sababu mashati meupe ya darasa zima yanafanana na hupotea, na bei inabaki pale walipokubaliana.

Hatua ya 3: Maswali mawili, kwa mpangilio huu

Swali la kwanza: "Mama, mara ya kwanza kabisa ulisikia habari zetu wapi?" La pili: "Na leo, ni nini kilichokufanya uje?"

Ni mawili kwa sababu mara nyingi mtu haletwi na kitu kimoja. Alisikia jina la atelie redioni mwanzoni mwa mwezi, hakufanya kitu. Wiki mbili baadaye jirani akamwonyesha sare ya mtoto wake, akaja. Ukiuliza "ulitujua vipi?" tu, atakujibu kile kilicho karibu kwenye kumbukumbu, yaani jirani, na redio itafutika. Ukiuliza yote mawili utapata mwanzo na msukumo wa mwisho.

Uliza ukiwa umeshakubaliana bei na unaandika vipimo, kabla hujamuuliza kama ana neno. Ukiuliza neno kwanza, atakuwa ameshasema KENGELE, na kwenye swali atajibu "redio" ili maneno yake yasigongane. Na usimsomee orodha. Fundi anayeuliza "ni Facebook ama redio?" atapata Facebook au redio, hata kama mtu aliambiwa kanisani. Acha mteja aongee, andika maneno yake kama alivyosema: "dada wa kwaya", "nilipita na moto nikaona kibao". Kuyapanga kwenye mafungu ni kazi ya Jumapili jioni.

Akisema "hapa na pale tu", usimlazimishe. Andika "hajui". Jibu la kulazimisha ni baya kuliko nafasi tupu.

Wapo ambao hawafiki kwenye meza yako kabisa: anayetuma vipimo kwa WhatsApp, analipa kwa M-Pesa au Airtel Money, kisha anamtuma mtu kuchukua nguo. Huyo hataulizwa na yeyote, na kwa kawaida ametoka kwenye simu, yaani WhatsApp au Facebook. Ukimwacha, njia hizo mbili zitaonekana dhaifu bila sababu. Mtumie maswali yaleyale unapomwandikia kwamba umepokea pesa yake. Wakati huo hujibu. Ukisubiri mpaka achukue nguo, amekwisha kusahau habari zako.

Hatua ya 4: Daftari

Mstari mmoja kwa kila mnunuzi: tarehe, jina, mgeni au mwenyeji, jumla ya bei, amemaliza au bado, neno au karatasi, jibu la kwanza, jibu la pili. Anayelipa kwa faranga, geuza kwa bei ya dola ya siku ile na uandike dola. Usiache kazi hiyo mwisho wa mwezi. Bei ya dola husogea, nawe utageuza yote kwa bei moja isiyokuwepo.

Gharama za matangazo ziwe ukurasa wa nyuma. Andika kila kitu, pamoja na megabaiti za kupakia picha na nauli ya kijana aliyegawa karatasi. Kwenye mfano wetu, kwa mwezi wa Agosti: redio dola 60, Facebook dola 30, karatasi 500 na ugawaji wake dola 25, WhatsApp dola 10.

Hatua ya 5: Hesabu, mara mbili

Agosti iliisha na watu 120 waliomaliza kulipa. Wenyeji 34, wageni 86. Ili hesabu isiwe ndefu, tuseme kila mgeni alichukua seti moja.

Kwa maneno ya kuponi, wageni walijigawa hivi: karatasi 19, KALAMU 8, KENGELE 6, MEZA 5. Waliobaki, 48, hawakuwa na neno lolote.

Hapo wengi hufunga daftari. Redio imekula dola 60 na kuleta watu 6, yaani dola 10 kwa kila mtu, wakati kila mtu anaacha dola 6. Hasara tupu, redio ifutwe. Subiri kwanza, soma majibu ya swali la kwanza kwa wageni walewale 86: kuambiwa na mtu 22, redio 21, karatasi 20, WhatsApp 11, Facebook 7, kuona kibao wakipita 5.

Karatasi haikusogea, 19 na 20. Redio imeruka kutoka 6 hadi 21. Redio haijabadilika wala daftari halina kosa. Tofauti inatokana na namna mtu anavyobeba neno. Karatasi inakaa kwenye mkoba na inakumbusha yenyewe. Neno la redio linapita mara moja hewani. Msikilizaji anashika "atelie ya Kenya, karibu na soko", na KENGELE inabaki redioni. Katika wale 21 waliosema redio, 5 tu walitaja neno. Yule wa sita aliyekuja na KENGELE alisema aliambiwa na jirani.

Hili ndilo ningependa msomaji aondoke nalo: kuponi huhesabu pungufu, na haipunguzi sawa kwa kila njia. Inaipendelea njia inayoshikika mkononi au inayobaki kwenye simu, na inaionea njia ya sikio. Ukilinganisha maneno peke yake unalinganisha kumbukumbu za watu.

Lakini majibu nayo yasiaminiwe yote. Mtu hutaja kwa urahisi kile kinachosikika kikubwa, na "redio" ni jibu la heshima. Kwa hiyo chukua namba mbili kama mipaka: redio ilileta watu wasiopungua kama 6 na wasiozidi kama 21. Halafu jiulize swali dogo zaidi: inahitaji wangapi ili ijilipe? Dola 60 ukizigawa kwa 6 unapata watu 10. Huhitaji kujua namba kamili. Unachotaka kujua ni kama ni zaidi ya 10.

Swali la pili linasaidia hapo. Katika wale 21, watu 9 walisema kilichowaleta leo ni mtu mwingine au bei waliyoiona WhatsApp. Waliobaki 12 walitoka kwenye redio moja kwa moja. Kumi na wawili wamepita 10, ila kwa wembamba. Uamuzi wangu ungekuwa kutoifuta redio na kutoiongezea hata dola moja, mpaka ipimwe kwa njia nyingine nitakayoieleza mwishoni.

Karatasi haina mjadala. Dola 25 kwa watu 20 ni dola 1 na robo kwa mtu, kwa maneno na kwa majibu vilevile. Facebook ni dola 6 kwa mtu kwa hesabu ya neno, yaani imejilipa bila faida, na kama dola 4 na robo kwa hesabu ya majibu. Na kuambiwa na mtu, fungu kubwa kuliko yote, halikulipiwa kitu. Mwakani ningechapisha kadi ndogo yenye tarakimu tatu za mwisho za simu ya mteja, apewe kila anayechukua nguo. Mgeni akija nayo, unajua ni nani wa kushukuru.

Kabla ya kutangaza mshindi

Namba ndogo hudanganya. WhatsApp 11 na Facebook 7: je, WhatsApp ni bora? Tumia kipimo hiki cha haraka. Jumlisha namba mbili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo kwenye simu, kisha zidisha kwa mbili. Tofauti ya namba zako ikiwa chini ya hapo, huenda ni bahati tu. Hapa 11 na 7 ni 18, kipeuo chake ni kama 4.2, mara mbili ni 8.4. Tofauti ni 4. Huwezi kusema lolote kuhusu nani ameleta watu wengi zaidi. Karatasi 20 na Facebook 7 ni 27, kipeuo 5.2, mara mbili 10.4, na tofauti ni 13. Hiyo ni tofauti ya kweli. Ukipata wageni kumi tu kwa mwezi mzima, acha kugawa mafungu, endelea kuandika mpaka msimu uishe.

Pia pitisha jicho kwenye mistari yenyewe. Dalili ya kwanza ya daftari lililoharibika ni neno moja kujirudia mistari minane mfululizo kwa mwandiko mmoja: fundi alikuwa na haraka, akaandika lile la juu. Dalili ya pili ni KALAMU kutumiwa na watu wasio na namba yako. Hiyo si wizi. Mtu alipiga picha ya skrini akaitupa kwenye kundi la familia, na ukisoma jibu lake la kwanza utakuta "shangazi alinitumia". Acha neno kama lilivyo, lakini kwenye mafungu mhesabu kama aliyeambiwa. Dalili ya tatu ni karibu kila mtu kuwa na neno kufikia wiki ya tatu. Basi linatajwa mezani, na fundi mwenye huruma ndiye analigawa. Zungumza naye taratibu, anadhani anakusaidia. Mteja asiye na neno akiomba zawadi sana, mpe, na uandike "bila neno".

Kuipima redio kwa kuizima

Maneno na majibu yakigongana, kipimo kinachobaki ni kuzima njia moja na kuangalia jumla ya wageni, bila kujali walisema nini. Shida ni kwamba Agosti haitulii. Kila wiki ina watu wengi kuliko iliyopita, hata bila tangazo. Ukiweka redio wiki mbili za kwanza na kuizima mbili za mwisho, wiki zilizozimwa ndizo zitakazoshinda, nawe utasema redio inafukuza wateja.

Panga hivi: wiki ya kwanza redio iwepo, ya pili isiwepo, ya tatu isiwepo, ya nne iwepo. Jumlisha wageni wa wiki ya 1 na ya 4, halafu wa 2 na 3. Kama watu wanaongezeka kwa kasi ileile wiki hadi wiki, ongezeko hilo linagawanyika sawa pande zote mbili, na kinachobaki ni kazi ya redio. Tuseme bila redio ungepata 14, 18, 22 na 26. Wiki ya 1 na 4 ni 40, ya 2 na 3 nayo ni 40. Wageni wote wanaozidi upande wa redio, ndio wake.

Hesabu mgeni kwa siku aliyofika mara ya kwanza, hata kama alimaliza kulipa siku kumi baadaye, la sivyo wiki zitachanganyika. Usisahau pia kwamba baadhi ya waliosikia wiki ya 1 watafika wiki ya 2, na hilo huifanya redio ionekane ndogo kidogo kuliko ilivyo. Njia nyingine zote ziende vilevile mwezi mzima: karatasi zigawiwe kwa kiasi kilekile kila wiki, picha za WhatsApp idadi ileile.

Redio kwa wiki mbili itakugharimu nusu, dola 30, kwa hiyo inahitaji kuleta wageni 5 wa ziada ili ijilipe. Pande hizo mbili zikitoka 52 na 40, zimezidi 12, ingawa kwa kipimo cha kipeuo hizo 12 bado zingeweza kuwa bahati. Zikipita 5, kama zile 12 za swali la pili zilivyopita 10 kwa mwezi mzima, vipimo viwili tofauti vinaelekeza mahali pamoja, na unaweza kulipa redio mwezi mzima. Zikitoka 43 na 41, peleka zile dola 60 kwenye karatasi, ila usinunue zote kwa mkupuo. Ongeza 500, ugawe Katuba na Ruashi ambako bado hujafika, na uzikate pembe upande mwingine ili ujue zimetoka wapi.